LCD inaonyesha takataka baada ya riseti

"Wakuu, LCD yangu ya 16x2 iko sawa nikichomeka umeme, ila nikibonyeza riseti inatoa takataka. Tatizo nini?"

Mkuu, riseti inaanzisha upya kidhibiti chako tu. LCD bado ina umeme, na huenda ilikuwa inasubiri nusu ya pili ya baiti, basi kuanzia hapo nusu zinapishana. Dawa ni kutuma 0x3 kwenye D4–D7 mara tatu, kila mara nusu baiti moja: baada ya ya kwanza subiri milisekunde 5, zinazofuata mikrosekunde 150. Kisha 0x2 pekee, ndipo LCD inaingia hali ya biti 4. Kuanzia 0x28 tuma nusu ya juu kwanza, halafu ya chini, ukipiga E kila nusu. 0x01, amri ya kufuta skrini, ipe milisekunde 2, wengi hukwama hapo.