Kabla hujamtumia "meneja" wa China hela, soma kadi yake vizuri

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza alinitumia picha ya bizinesi kadi ya Kichina, na chini yake ujumbe: "Kaka, huyu bosi anataka asilimia 30 ya oda ya vigae kabla hajaanza kuzalisha. Ndiye mwenye kiwanda?" Nimefurahi ameuliza mapema. Wengi hunitafuta wakishatuma.

Picha yenyewe ilipigwa kwa flashi, maandishi ya dhahabu yakang'aa na nusu ya jina ikamezwa. Nikamwambia aipige upya karibu na dirisha, flashi imezimwa, simu imeelekea kadi moja kwa moja, pande zote mbili. Si ubishi. 王 na 汪 zote husomwa Wang, lakini ni koo mbili tofauti, na kinachozitenganisha ni vialama vitatu vya kushoto ambavyo picha yenye ukungu hufuta vyote.

Picha safi ilipofika, upande wa Kiingereza alikuwa Jacky Chen. Upande wa Kichina 陈, yaani Chen, ndiyo iliyotangulia, kwa sababu kule ukoo hukaa mbele. "Jacky" ni jina alilojichagulia kwa ajili yetu wageni, halimo kwenye hati yoyote ya kampuni. Kwa hiyo niliandika ukoo kwanza, kisha jina lake la Kichina, na Jacky nikaliweka kwenye mabano. "Bwana" sikuandika: kadi haikusema jinsia, na Jacky anaweza kuwa mwanamke.

Cheo chake ni 业务经理, yewu jingli. Ukitafsiri neno kwa neno unapata meneja wa biashara, na hapo ndipo watu hupagawa. Kwenye kampuni nyingi za kule, hicho ni cheo cha muuzaji wa kawaida anayehudumia wateja, hata kama hana mtu chini yake. Ni kama hapa kwetu, kila mwenye fremu ni mkurugenzi. Mkubwa unayemtafuta ni 总经理, zong jingli, meneja mkuu, na juu yake 董事长, dongshizhang, mwenyekiti wa bodi. Ukiona 副, fu, mbele ya cheo, huyo ni naibu.

Hiyo fu imeniachia kidonda. Kwa mdomo Wachina huiacha: naibu meneja mkuu wa ukoo wa Li huitwa Li zong, sawasawa na mkuu mwenyewe. Nilikuwa Guangzhou na mteja wangu mmoja, mfanyabiashara, tukienda kuonana na mzee mwenye cheo hicho. Nikamweleza mteja hayo mlangoni kabla hatujaingia. Akaniona najifanya mjuaji. Mezani akamwita yule mzee "naibu", tena kwa sauti, mbele ya vijana wake. Mzee alitabasamu, chai ikaendelea kumiminwa, bei haikushuka hata senti. Jioni mteja wangu akanikata ujira, eti kazi yangu ilikuwa kusoma kadi tu. Kadi tu! Miaka yote ya kukariri herufi, halafu mtu anakwambia kadi tu. Jamani, sikilizeni mnayemlipa awasikilizie. Kwenye maandishi, hasa mkataba, naibu abaki naibu. Usoni kwake mpandishe. Na msitegemee sikio: kuna ukoo unaoandikwa 傅, nao husomwa Fu, kwa hiyo meneja mkuu wa ukoo huo, Fu zong, kwa sauti hana tofauti na naibu. Kadi ndiyo inayowatenganisha.

Turudi kwa Jacky. Jina la kampuni ya Kichina kwa kawaida huenda kwa mpangilio huu: mahali, jina lenyewe, shughuli, kisha aina ya kampuni. Mahali ni Foshan, mji unaojulikana kwa vigae. Jina lenyewe nililiacha linavyotamkwa; ukilitafsiri kuwa "Fanaka Kuu" hakuna atakayelipata popote. Shughuli ni 贸易, maoyi, biashara. Mwisho 有限公司, ile Ltd yetu. Hakuna taoci, keramiki, wala chang, kiwanda, ingawa upande wa Kiingereza wamejiita kiwanda. Hilo peke yake si wizi, maana viwanda vingine huuza kupitia kampuni dada. Ila swali la msomaji wangu limejibika: anaongea na muuzaji wa kampuni ya biashara.

Nikamwambia aombe leseni ya biashara, 营业执照, kisha alinganishe jina la Kichina herufi kwa herufi na la kwenye kadi, na aingize ile namba ya usajili iliyo kwenye leseni, yenye tarakimu na herufi 18, kwenye gsxt.gov.cn, sajili ya serikali yao. Asihangaike na jina la Kiingereza, kule la kisheria ni la Kichina. Leseni hiyo pia hutaja mwakilishi wa kisheria, na akaunti ya malipo iwe ya kampuni hiyohiyo. Aliyotumiwa yeye ilikuwa ya mtu binafsi, wa ukoo mwingine kabisa.

Leseni ameiomba. Jacky amesema ataituma Jumatatu.