Macho kwanza, kofia baadaye: nilivyojifunza kumpanga mwalimu kwenye fremu

Somo la kwanza la kozi ya video nililopiga hapa Tanga nilipigia chumbani Ngamiani, feni imezimwa na madirisha yamefungwa kwa ajili ya kelele za bodaboda. Mwalimu ni mzee mstaafu, anawafundisha wenye maduka kuandika daftari la mauzo. Nikamweka katikati kabisa, pua yake kwenye kitovu cha fremu, kama picha ya pasipoti. Nilipomwonyesha akacheka. "Mwanangu, mbona kama nimetumbukia kisimani?"

Alisema kweli. Uso ukikaa katikati, juu ya kichwa kunabaki ukuta mtupu na mtu anaonekana anazama. Siku hizi sianzi na pua, naanza na macho. Nawasha gridi kwenye mipangilio ya kamera, ile mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama inayoigawa fremu mafungu matatu kila upande, kisha naweka macho kwenye mstari wa kulala wa juu. Kwa mtu aliyekaa anaongea, hiyo kanuni ya theluthi karibu yote imeishia hapo, kwa kuwa nafasi ya juu ya kichwa inajipanga yenyewe macho yakishakaa mahali pake.

Inajipangaje? Kwenye video ya 1920 kwa 1080, mstari huo uko piseli 360 kutoka juu. Macho ya binadamu yako karibu katikati ya kichwa, ukipima kutoka kidevuni hadi utosini. Kwa hiyo kichwa kikichukua piseli 480, kutoka machoni hadi utosini ni 240, na juu ya utosi zinabaki 120. Hiyo ni nafasi nzuri, haimbani mtu wala haimzamishi.

Basi mzee akavaa kofia yake ya kiua. Ikala kama piseli 80 juu ya utosi, zikabaki 40, na kwenye skrini ikawa kama inasugua dari. Sikuinua kamera kutazama juu, maana hilo ndilo kosa linalofanya fremu ya mlango nyuma yake ianze kulala. Nilirudisha stendi nyuma kidogo hadi kichwa kikawa piseli kama 400, nikairekebisha kimo lenzi ibaki usawa wa macho. Utosi ukafika 160, kofia ikala 67 hivi, zikabaki 93. Nikapata na mikono yake pia, na mzee huyu hafundishi bila mikono. Ukitaka kumsogelea sana unaweza kukata utosi kidogo bila mtu kulalamika, ila kidevu usikikate, na kofia iliyokatwa nusu mimi naiona vibaya kila mara.

Baada ya hapo nilimhamishia kwenye mstari wa kusimama wa kushoto, kulia nikaacha nafasi ya jedwali la mapato na matumizi, ambalo huliweka wakati wa kuhariri. Kuna jambo watu wanalichanganya hapa. Anayetazama lenzi moja kwa moja hana upande anaoangalia, kwa hiyo kinachoamua nafasi ya mbele, ile inayoachwa upande anaoelekea mtu, ni mabega yake, na macho pale yanapohama. Mabega yageuke kidogo kuelekea ule upande mtupu. Na daftari lake? Nilikuwa nimeliweka kwenye kimeza ukingoni kushoto, kila akilichungulia pua inaishia kwenye ukingo wa fremu, kama anamsubiri mtu mlangoni, na nyuma yake pana uwanja mzima wa bure. Nikakihamishia kimeza upande wa pili, yaani mkono wake wa kushoto. Sasa akichungulia daftari, macho yanaelekea kwenye jedwali ambalo mwanafunzi naye anatakiwa kulitazama.

Kiti kiwe kisicho na magurudumu. Hata hivyo mzee akichoka anateremka taratibu, nafasi ya juu inakua, na ukija kuunganisha vipande kichwa kinarukaruka. Mimi nabandika kipande cha utepe kwenye skrini usawa wa macho yake, nikiona ameshuka namwomba akae vizuri.

Somo la tatu ndilo lililonitia hasara. Mzee alitaka kujiona anapoongea, nikatumia kamera ya mbele ya simu. Kwenye skrini alikuwa kushoto, safi kabisa. Nilipofungua faili yuko kulia, na jedwali nililokwisha kulitengeneza linamfunika uso. Kamera ya mbele inakuonyesha kama kioo, lakini simu nyingine hurekodi bila kugeuza. Nikasema basi, nitaigeuza mwenyewe kwenye kuhariri. Ikageuka vizuri, mpaka nikaiona kalenda ukutani nyuma yake: tarehe zote zinasomeka kinyume.

Tulirudia somo zima kesho yake, kwa kamera ya nyuma, na kalenda tumeishusha.