Redio ya gari inajua kwangu

"Wakubwa, nauza gari langu, Toyota Wish, hapa Ntinda, mnunuzi anakuja kesho. Redio ina namba zangu zote na njia ya nyumbani. Nafutaje?"

— Chomoa betri usiku kucha, asubuhi imesahau kila kitu.

— Ndugu, hapo utamtia hasara. Betri ikichomolewa, saa na stesheni ndizo hupotea. Majina hubaki kwenye memori. Tena redio hizi za Kijapani zikikosa umeme nyingi hujifunga na kudai namba ya kufungulia, ile ya ERC. Yangu ilijifunga hivyo, nikaishia kwa fundi na pesa ikanitoka.

Ingia kwenye setting, tafuta Delete Personal Data. Kama menyu bado ni ya Kijapani, tafuta herufi hizi: 初期化. Hapo hufutika simu zilizoungwa, majina, namba zilizopigwa na sehemu ulizohifadhi. Ukifuta simu tu kwenye bluutuu, anwani ya nyumbani inabaki. Kisha zima gari, ngoja dakika chache, washa, ufungue 自宅, yaani nyumbani. Ikikuuliza uweke anwani mpya, umemaliza. Kadi ya SD ya ramani usiitoe, redio inaweza kugoma. Ya miziki yako, chukua.

— Mimi langu nalifungua kwa apu ya simu. Hiyo nayo inafutika?

— Hapana dada. Akaunti iko kwa kampuni, si kwenye redio. Liondoe gari ndani ya apu yenyewe, la sivyo utaendelea kuliona linakoegeshwa.

— Na kamera ya kioo cha mbele je?