Abiria wa Feri kwa Michoro 24: Jinsi Ninavyohuisha Umati

Shoti ninayotaka kuieleza ina sekunde 6 tu. Msichana mdogo amesimama Magogoni akimtafuta mama yake, feri kutoka Kigamboni imeshusha mlango wake, na abiria wanamiminika na kumpita pande zote. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hizo ni fremu 144. Nilihitaji watu 22 wanaotembea karibu na kamera, na wengine 12 nyuma yao ambao sura zao hazionekani. Kama ningemchora kila mmoja wa wale 22 peke yake, nikibadilisha mchoro kila baada ya fremu 3, ningechora michoro 1,056 kwa ajili ya watu ambao mtazamaji hapaswi hata kuwakumbuka. Nilichora michoro 24.

Michoro hiyo ni ya watu watatu: mwanamume wa makamo, mwanamke aliyejitanda khanga, na kijana mwenye begi mgongoni. Kila mmoja ana mzunguko wa kutembea wenye michoro 8, yaani hatua mbili kamili, ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto. Mchoro mmoja ukishikiliwa kwa fremu 3, mzunguko mzima unachukua fremu 24, ambazo ni sekunde moja, na huo ndio mwendo wa kawaida wa mtu asiye na haraka.

Toleo la kwanza nililifanya kama wengi tunavyofanya tunapoanza. Nilinakili watu hao, nikawabadilisha rangi za nguo, kisha nikamwonyesha mwongozaji. Alitazama mara moja akasema, “Kaka, mbona abiria wako wanapiga gwaride?” Alikuwa na haki, kwa kuwa vichwa vyote vilipanda na kushuka pamoja. Rangi haikuwa imeficha lolote, kwa sababu jicho hutambua mwendo unaofanana kabla halijatambua nguo zinazotofautiana.

Jambo la kwanza la kurekebisha, kwa hiyo, ni wakati wa kuanza. Kila mtu anapaswa kuanzia mchoro tofauti wa mzunguko uleule. Nilijaribu kumsogeza kila mmoja mbele kwa mchoro mmoja kuliko jirani yake, nikapata wimbi linalotembea kutoka upande mmoja wa shoti hadi mwingine, kama mashabiki wanavyoinuka kwa zamu uwanjani. Nilipoiachia kompyuta ichague kwa bahati nasibu, majirani wawili au watatu waliangukia mchoro mmoja, na mahali hapo gwaride likarudi. Bahati nasibu haijui nani amesimama karibu na nani, na kufanana kunaonekana zaidi kwa watu walio bega kwa bega.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitambua hadi nilipoutazama umati ukiwa vivuli vyeusi vitupu. Katika mzunguko wa michoro 8, mchoro wa 1 na wa 5 hutofautiana kwa mguu uliotangulia tu. Urefu wa mwili ni uleule, upana wa miguu ni uleule, na kichwa kiko mahali palepale. Ukimtanguliza jirani kwa michoro 4, hesabu inakuambia kwamba umewatenganisha kadiri iwezekanavyo, lakini jicho linaona watu wawili wanaoinuka na kuinama kwa pamoja. Nafasi zinazoonekana kuwa tofauti kweli ni 4, si 8.

Suluhisho nililolipata ni kuruka michoro 3 kwa kila mtu. Mtu wa kwanza anaanzia mchoro wa 1, wa pili mchoro wa 4, wa tatu mchoro wa 7, wa nne anazunguka hadi mchoro wa 2, na kadhalika. Kwa kuwa 3 na 8 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, nafasi zote 8 hutumika kabla ya kurudia. Jirani hafanani na jirani.

Katika After Effects ninaweka michoro 8 ndani ya komposisheni ndogo, fremu moja kwa kila mchoro, kisha ninawasha Time Remap kwenye tabaka la kila mtu na kuandika hivi:

```
kushika = 3;
namba = parseInt(thisLayer.name.split("_")[1], 10);
f = Math.floor(timeToFrames(time) / kushika) + (namba - 1) * 3;
framesToTime(f % 8)
```

Matabaka yanaitwa mtu_01, mtu_02 na kuendelea, nami ninayapa namba kwa kufuata nani yuko karibu na nani kwenye picha. Hapo awali nilitumia `index`, yaani nafasi ya tabaka kwenye orodha. Ilifanya kazi vizuri hadi siku nilipoongeza tabaka la ukungu juu ya yote: kila mtu alisogea namba moja, na marekebisho yote niliyokuwa nimefanya kwa mkono yakaharibika. Namba iliyomo ndani ya jina haiguswi na jambo hilo.

Kubadilisha `kushika` kunakupa mwendo mwingine bila mchoro mpya. Fremu 4 kwa kila mchoro zinatoa mzunguko wa fremu 32, unaomfaa mzee au mtu aliyebeba ndoo ya samaki. Fremu 2 zinatoa mzunguko wa fremu 16, mwendo wa mtu anayekimbilia daladala. Nilitumia wazee watatu na kijana mmoja mwenye haraka. Hao wanne walivunja utaratibu wa umati kuliko kitu kingine chochote nilichoongeza, na kama wangezidi hapo shoti ingeonekana kama taharuki.

Hapa ndipo miguu inapoanza kuteleza, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika kazi za wenzetu. Mzunguko umechorwa mtu akitembea mahali pamoja, kisha sisi ndio tunaomsogeza. Umbali wa kumsogeza haukisiwi, bali unapimwa. Pima pikseli ambazo wayo uliokanyaga chini unarudi nyuma tangu kisigino kinapogusa ardhi hadi mguu wa pili unapogusa. Kwa mwanamume wangu zilikuwa 90, kwa hiyo hatua mbili ni pikseli 180 kwa kila mzunguko. Ukimpunguza hadi asilimia 80 ili aonekane yuko mbali, umbali nao unapungua hadi pikseli 144. Mzee anayetumia fremu 32 anakwenda pikseli 180 zilezile, ila kwa muda mrefu zaidi.

Hata ukipima sawasawa, miguu inaweza kuteleza bado. Mchoro hubadilika kila baada ya fremu 3, lakini kompyuta humsogeza mtu katika kila fremu. Kwa hiyo mchoro ukiwa umeshikiliwa, wayo wake unaburuzwa ardhini kwa fremu mbili, kisha unaruka kurudi mahali pake mchoro unapobadilika. Mtazamaji hataweza kueleza kasoro hiyo, ila atahisi watu wanaelea. Dawa yake ni kuufanya mwendo nao ubadilike kila baada ya fremu 3, kwa kuandika hivi kwenye Position:

```
posterizeTime(8);
value
```

Namba 8 inatokana na kugawa 24 kwa 3. Mzee wa fremu 4 anahitaji 6, na kijana wa fremu 2 anahitaji 12. Ili kujua kama umefaulu, weka mstari wima wa kuongozea chini ya kisigino kilichokanyaga na usogeze fremu moja moja: kisigino kibaki juu ya mstari mpaka kinapoinuka.

Nilipomaliza hayo ndipo niliporudi kwenye rangi. Usizungushe rangi ya mtu mzima kwa pamoja, maana ngozi nayo itakuwa ya kijani au ya zambarau. Nguo ziwe kwenye tabaka lake na ngozi kwenye tabaka lake. Nilitumia rangi 5 za nguo na rangi 3 za ngozi, na rangi ya gauni la yule msichana sikumpa mtu mwingine yeyote. Khanga sikuichora yote. Nilichora pindo peke yake kama ukanda mweusi unaofuata ukingo wa nguo, na mji nikauacha rangi moja, kwa sababu mapambo ya mji yangetetemeka kila mchoro unapobadilika. Kanzu nyeupe ndiyo iliyonisumbua, kwa kuwa ilikuwa kitu kinachong'aa kuliko vyote na ilimnyang'anya msichana macho ya mtazamaji. Niliififisha hadi ikawa ya kijivu chepesi, na katika jua la bandarini bado inasomeka kama nyeupe. Nilipoiondolea shoti rangi zote ili kuikagua, abiria wote walikuwa kijivu kinachokaribiana na msichana peke yake ndiye aliyejitokeza.

Mwanzoni rangi za nguo zilikuwa 6, na ilinichukua jioni nzima kuelewa kwa nini wanawake wote walikuwa na khanga za rangi mbili tu. Nilikuwa ninagawa kwa zamu: miili mitatu inapokezana, na rangi sita zinapokezana. Kwa kuwa 3 inaigawa 6, mwanamke alikutana na rangi zilezile mbili kila zamu. Kwa miili 3, rangi 6 na nafasi 8, mtu wa 25 anakuwa nakala kamili ya mtu wa 1. Nilipoondoa rangi moja tu, nakala ya mtu wa 1 ilisogea hadi mtu wa 121, kwa sababu 3, 5 na 8, ukizichukua mbili mbili, hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Ni jambo la ajabu kwangu hadi leo kwamba umati ulipata utofauti zaidi kwa kupunguziwa rangi.

Wale 12 wa nyuma hawana mzunguko wowote. Ni vichwa na mabega yanayopanda na kushuka pikseli 4, kwa nafasi 4 za kuanzia. Watu wanaokwenda upande wa pili niliwageuza kama kwenye kioo, na ni lazima kukagua maandishi kabla ya kufanya hivyo, kwani kijana mmoja alikuwa na namba ya jezi iliyosomeka kinyume.

Mbinu hii ina mahali inapokoma. Katika fremu ya 96 feri inapiga honi, na watu 8 wa mbele walitakiwa kugeuza vichwa. Nilipowatawanya kwa utaratibu uleule wa namba, ilionekana kana kwamba kila mmoja amesikia honi yake. Watu wanaoitikia sauti moja hawatawanyiki ndani ya mzunguko mzima. Niliwapanga upya kwa mkono: aliye karibu na feri anageuka fremu 4 baada ya honi, wa mwisho fremu 12 baada ya honi, na wawili nikawaacha wasigeuke kabisa, kwa kuwa wanaovuka kila siku wameshaizoea sauti hiyo.