Mapumziko tuko nyuma 4-0, niwaambie nini vijana?

Swali: Kocha, shikamoo. Nafundisha timu ya chini ya miaka 14 hapa Kyela. Tulipanda Mbeya mjini kwa mechi, mapumziko tukawa tumefungwa 4-0. Vijana hawajitumi kabisa, wanatembea tu uwanjani. Niliwafokea na kuwapa glukosi, bado tukafungwa mengine matatu. Siku nyingine niwaambie nini?

Jibu: Marahaba. Neno "hawajitumi" nalisikia karibu kila wiki, na mara nyingi nikiangalia mechi yenyewe nakuta watoto wamekimbia kupita kiasi. Kyela iko chini kabisa, karibu na ziwa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwili haukuzoei huko kwa safari ya asubuhi moja. Mtoto anayeshika magoti dakika ya 20 huku hajagusa mpira mara tano si mvivu. Anakimbizwa. Ukimfokea akimbie zaidi, unamalizia pumzi iliyobaki.

Kwa hiyo kazi yako mapumziko ni kupunguza mbio zisizo na faida, na hapo unahitaji karatasi. Msaidizi wako aandike kila goli lilianzia wapi, si nani aliyefungisha. Tuseme karatasi inaonyesha matatu kati ya manne yalianza hivi: kipa anabutua goli kiki, mpira unaangukia katikati ambako wao wako watatu na ninyi wawili, wanaupata, wanaupeleka nyuma ya namba mbili wako. Namba saba amebaki mbele, mabeki wa kati wamekaa ndani ya boksi, na kati yao na viungo kuna uwazi wa mita 30. Kila mpira ukipotea, viungo wawili wanakimbia uwazi wote huo kurudi. Hapo ndipo miguu inapoishia.

Mkiwa na dakika 10, mbili au tatu za kwanza usiseme kitu. Wakae, wanywe maji, wavae masweta, maana jasho na upepo wa Mbeya mwezi wa saba ni baridi kali. Mtoto anayehema hasikii maelezo. Kisha sema kwa dakika tatu hivi, kwa sauti ya kawaida:

"Vijana, magoli matatu yametoka sehemu moja, na tunaiziba. Namba kumi, unashuka, katikati tunakuwa watatu. Namba nne na tano, mpira wetu ukienda mbele, tokeni kwenye boksi, msogee hatua 15. Kipa, usibutue. Mpe namba tatu, na akizibwa, piga pembeni kushoto. Namba saba, mpira ukipotea, rudi mpaka usawa wa namba mbili. Tukipokonywa, aliye karibu ndiye anayemfuata mwenye mpira. Wengine rudini ndani, msimkimbilie wote."

Kisha uliza: "Namba saba, mpira ukipotea unafanya nini?" Akijibu "narudi", muulize mpaka wapi. Asipojua, hajakuelewa, na kosa hilo lirekebishe hapo hapo. Dakika mbili za mwisho wasimame, wachezeshe miguu.

Usiwaahidi kurudisha magoli manne. Wape lengo wanaloliona: dakika 10 za kwanza wapinzani wasipite upande wa namba mbili. Hapo ndipo unapoweza kupima kujituma, kwa kumtazama namba saba kama anarudi. Akirudi mara tatu mfululizo halafu akachelewa ya nne, mbadilishe, amechoka.

Mpango huu una hatari yake. Mabeki wakipanda, mpira mrefu unapita nyuma yao, na kwenye hewa nyepesi unakwenda mbali kuliko mlivyozoea Kyela. Kipa asimame karibu na mstari wa boksi, tayari kutoka. Kama mabeki wako ni wazito na washambuliaji wao wana mbio, hatua saba nane zinatosha.

Sasa hiyo glukosi. Haiongezi hewa kifuani. Kama watoto waliondoka alfajiri na chai tupu, tatizo ni njaa, na dawa yake ni chakula kamili saa mbili tatu kabla ya mechi. Ndizi moja mapumziko inasaidia kidogo, na maji ndiyo ya lazima. Wapo pia wanaowapigisha watoto pushapu mapumziko "wapate hasira", na wengine wanawanywesha vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo. Pushapu zinakula mapumziko yenyewe. Kopo lina kafeini, inayoweza kumpandishia mtoto mapigo ya moyo wakati tayari anahema, na makopo mengi yameandikwa wazi kwamba hayafai kwa watoto. Atakayeyaleta kwenye benchi, awe mzazi au mfadhili, mrudishie. Na kijana akilalamika kifua kubana au kizunguzungu, mtoe, asirudi uwanjani siku hiyo, na mpeleke akaonwe kituo cha afya.