Mizinga kumi Sikonge: fedha iliyoingia na muda niliosubiri

Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama ufugaji wa nyuki unalipa. Mimi ni mwajiriwa Tabora mjini, mizinga yangu kumi iko Sikonge kwenye miombo ya shamba la mjomba. Unalipa, ila si mwaka wa kwanza.

Fundi alinitengenezea mizinga ya mbao ya viunzi vya juu, yaani vijiti vya mbao ambavyo nyuki hujengea masega, kwa 85,000 kila mmoja, jumla 850,000. Mavazi ya kinga jozi mbili 140,000, bomba la moshi 35,000, ndoo tatu zenye mifuniko 30,000, waya na nta 45,000, usafiri 100,000. Ikafika 1,200,000. Usipunguze jozi ya pili ya mavazi. Nyuki wetu ni wakali, na kurina peke yako usiku ni hatari.

Kabla ya kumlipa fundi, chukua futi upime upana wa kiunzi. Kwa nyuki wetu kinatakiwa kiwe milimita 32, ili kila sega likae kwenye kiunzi chake. Mizinga yangu miwili ilikuja na viunzi vya sentimita 4. Nyuki wakajenga masega mshazari, sega moja limeshika viunzi vitatu. Ukinyanyua kimoja unapasua yote, asali inamwagikia majana, yaani watoto wa nyuki, na nyuki wanaozama humo hawahesabiki. Iliniuma sana kuona vile. Vilevile paka nta iliyoyeyushwa kwenye mstari wa katikati wa kila kiunzi. Harufu yake inawavuta nyuki, na mstari unawaonyesha pa kuanzia kujenga.

Nilitundika mizinga mwezi Agosti, kabla miombo haijachanua, kwa waya, kimo cha kiuno. Nyuki hununui, unasubiri kundi lihamie lenyewe. Kufikia Januari mizinga minne tu ndiyo ilikuwa imeingiwa na nyuki. Kwa hiyo unapopiga hesabu, hesabu mizinga yenye nyuki, siyo uliyotundika. Mitupu nayo inataka kutembelewa: mmoja ulikuwa na siafu, mwingine mjusi. Nikaisafisha, nikapaka nta upya na kuzungushia waya grisi.

Mavuno ya kwanza yalikuwa Juni, miezi kumi baada ya kutundika. Tulianza jua lilipozama. Unapuliza moshi mlangoni taratibu, unasubiri kidogo, kisha unafungua upande wa nyuma, mbali na mlango, kwa sababu asali hukaa huko na majana hukaa karibu na mlango. Nyanyua kiunzi ulimulike sega. Likiwa limefunikwa nta nyeupe karibu lote, asali imeiva, kata. Vijishimo vikiwa wazi na asali inang'aa kama maji, rudisha. Asali mbichi ina maji mengi, na baada ya wiki chache utaona povu, mfuniko wa ndoo umevimba, na harufu ya pombe. Ukifika kwenye majana, acha, na ubakize masega kadhaa ya asali. Ukiwakomba yote wanahama, na unarudi kusubiri upya.

Mzinga wa nne ulikuwa bado mchanga, sikuugusa. Mitatu ilinipa kilo 21 baada ya kuchuja, nikaziuza kazini kwa 10,000 kilo: 210,000.

Mwaka wa pili mizinga saba ilikuwa na nyuki, nikapata kilo 84, yaani madebe matatu. Hapo ndipo nilipopoteza hela. Mnunuzi wa jumla alikuja na bei ya 6,000 kwa kilo, akahesabu debe la lita 20 kuwa kilo 20. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo debe lile ni kilo 28. Nilimpa madebe mawili kwa 240,000 badala ya 336,000. Siku hizi sifungui ndoo kabla mzani haujawekwa chini, na bei tunakubaliana kwa kilo.

Debe la tatu nililitia kwenye chupa za kilo moja, nikauza kwa majirani na duka la dawa za asili: 280,000, ukitoa kama 17,000 za chupa. Ukitaka rafu za maduka makubwa watakuuliza alama ya TBS, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ndiko pa kuanzia kuulizia msaada. Kwa madebe matatu mimi sijaona haja. Ninachofanya ni kuuza nusu kwa chupa, polepole, na nusu kwa jumla kwa mzani ili nipate fedha ya mkupuo.

Mavuno mawili yalinirudishia kama 713,000 katika ile 1,200,000. Iliyobaki ilirudi mwaka wa tatu, mizinga minane ikiwa na nyuki, na ile miwili ya viunzi vipana nikiwa nimeshaibadilishia viunzi.