Mawingu yanayopita na joto la kivungulio: jinsi nilivyolitatua

*"Wakuu, madirisha ya paa ya kivungulio changu yanaendeshwa na PID. Siku ya jua tupu joto linatulia, lakini mawingu yakianza kupita linapanda na kushuka mchana kutwa. Nimebadilisha namba mpaka nimechoka. Nifanye nini?"*

Ndugu, jambo hilo lilinisumbua msimu mzima nilipokuwa fundi katika shamba la waridi nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako alasiri mawingu hutujia kutoka upande wa Menengai moja baada ya jingine. Tulitaka nyuzi 25. Wingu lilipofunika jua, kipimajoto kilichoning'inia katikati ya maua kilikawia dakika kadhaa kabla ya kushuka, kwa hiyo madirisha yalianza kujifunga wakati jua lilikuwa limekwisha kurudi, na joto likaruka hadi 30. Nilipoiongeza P, madirisha yalifunguka na kujifunga bila kukoma hata siku isiyo na wingu, na mota moja ikaungua.

Tulipokuwa tukingoja mota nyingine, mama aliyesimamia kivungulio hicho aliyaendesha madirisha kwa mkono. Nilimwona akitazama kivuli kikipanda shamba la jirani, kisha akazungusha mpini kabla hakijatufikia. Joto halikuyumba hata nyuzi mbili. Nilimwuliza kwa nini hakutazama kipimajoto, akanijibu, "Jua likiondoka, joto litalifuata tu, mwanangu. Ningoje nini?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kidhibiti chetu cha PI kilingoja kosa litokee ndipo kilirekebishe, ilhali chanzo cha kosa kilikuwa juu ya paa, kinapimika. Nilifunga kipimo cha mionzi ya jua, kisha kwa siku kadhaa nikaandika mahali madirisha yalipotulia yenyewe joto likiwa 25. Kwa wati 900 kwa mita mraba yalitulia kwenye asilimia 62, na kwa wati 300 kwenye asilimia 20. Tofauti ya asilimia 42 ukiigawa kwa wati 600 unapata 0.07, nami nikaandika, u ikiwa asilimia ya kufunguka kwa madirisha, PI ikiwa jibu la kidhibiti cha awali, na G ikiwa wati za jua kwa mita mraba:

```
u = PI + 20 + 0.07 * (G - 300)
```

Usiiondoe PI, kwa sababu upepo na unyevu hubadilisha hesabu hiyo, na kazi yake sasa ni kusahihisha kinachobaki. Ila siku ya kuwasha, rudisha jumla ya I kwenye sifuri, la sivyo athari ya jua itahesabiwa mara mbili na madirisha yatafunguka kupita kiasi. G nayo niliipa wastani wa dakika moja, ili kipande kidogo cha wingu kisiihangaishe mota.

Alasiri ya kwanza ya mawingu joto lilibaki kati ya 24 na 26. Wiki iliyofuata, kila ilipofika saa kumi, madirisha yalijifunga jua likiwaka na joto likapanda. Nilipanda juu nikakuta kivuli cha tangi la maji kimekilalia kipimo. Nilikihamishia upande wa pili wa paa.